Futi Moja Zaidi ya Kitanda

Mteja wa Ushetu anapoagiza kitanda cha mninga, mabishano ya bei huanza kwa kukadiria ukubwa wa kitanda chenyewe. Lakini fundi hanunui kitanda, ananunua mbao nzima nzima. Kwa hiyo bei ya haki huanzia kwenye mbao alizolazimika kununua, yakiwemo mabaki yatakayolala chini ya meza yake.

Chukua fremu ya futi 5 kwa 6. Kila ubavu hukatwa kama futi 6 na inchi 3 ili ndimi ziingie kwenye matundu ya miguu, na vipande vya upana futi 5 na inchi 3. Ubao wa futi 12 hutoa ubavu mmoja na kipande kimoja cha upana, hivyo mbao mbili zinatosha na hukosi chochote. Mteja akitaka 6 kwa 6, vipande vyote vinne vinakuwa futi 6 na inchi 3, na ubao wa futi 12 hautoi viwili. Zitanunuliwa mbao nne. Tuseme ubao mmoja ni shilingi 30,000, kwa mfano tu: fremu imetoka 60,000 hadi 120,000 kwa futi moja ya upana. Fundi akipata mbao za futi 13, mbili zinatosha tena, ndiyo maana inafaa kuulizia urefu wa mbao kabla ya kubishania bei.

Mtu anaweza kusema mabaki hubaki kwa fundi, hivyo yeye ayalipie. Hoja hii ina ukweli. Vipande vya futi 5 na inchi 9 vikitoa miguu na nguzo za kichwani, mteja asitozwe mbao nyingine kwa kazi hiyo. Vikibaki bila kazi, achukue au apunguziwe. Ila maranda, penye fundo na ule ubao mweupe wa kando ya mninga havina wa kurudishiwa. Sehemu hiyo nyeupe hutobolewa na wadudu na kumwaga unga, kwa hiyo fundi anayeikata anakulinda, na anayeiacha ili bei ishuke anakuuzia hasara.

Siku za kazi zihesabiwe kivyake, tangu kupiga randa hadi kuunganisha, si kwa asilimia ya bei ya mbao, maana mbao ghali hazipigwi randa kwa muda mrefu zaidi. Umaliziaji ndipo panapoibiwa kimyakimya: pitisha kiganja chini ya ubavu, pasipoonekana. Pakikukwaruza, msasa na vanishi ulivyolipia havikufika huko.

Usafiri nao uandikwe peke yake. Kitanda kilichofunguliwa vipande huenda na mizigo mingine kwenye toyo; kilichogundishwa kizima kitahitaji gari lake kutoka Kahama, na wakati wa mvua barabara ya vumbi hupandisha nauli hiyo hiyo.