Dondoo muhimu: Anza na kosa linalopotosha

Mgeni anayejifunza Kiswahili amemwandikia mhadhiri wake: “Nataka tuonane kesho saa tisa nirudishe kitabu yako.”

Zungushia duara “saa tisa”. Alikusudia saa tatu asubuhi, na mhadhiri atamsubiri alasiri. Hilo alirekebishe kwanza, tena mwenyewe, bila kupewa jibu.

Kisha pigia mstari “Nataka”. Ujumbe unaeleweka, ila kwa mkubwa unasikika kama amri. Salamu na “Naomba” vinatosha.

“Kitabu yako” wekea nukta tu pembeni, ingawa ndiko walimu wengi tunakokimbilia. Kosa hilo la ngeli halimpotezi msomaji. Lakini angeandika “urudishe” badala ya “nirudishe”, kiambishi hicho kimoja kingestahili duara.