Maumbo ya Kituo Mwishoni mwa Aya za Kiebrania

Mwanafunzi anayeanza kusoma Biblia ya Kiebrania hukutana mapema na jambo la kutatanisha. Neno alilokwisha kulijua latokea mwishoni mwa aya likiwa na irabu nyingine, naye hulitafuta katika kamusi kana kwamba ni neno jipya. Kumbe ni lile lile, ila limevaa umbo la kituo.

Tutazame Mwanzo 1:6. Maneno mawili ya mwisho ya aya hiyo yote yana jina moja, yaani maji. La kwanza, mayim, lina pataha chini ya herufi yake ya kwanza: kistari kilicholala. La pili, lamayim, lina kamatsi chini ya herufi hiyo hiyo: alama kama T ndogo. Maana haikubadilika. Kwenye neno la kwanza sauti yapita tu. Kwenye la pili msomaji hutua, na irabu yenye mkazo hupewa uzito zaidi. Siku hizi wasomaji wengi hutamka alama zote mbili kama a, kwa hiyo sikio halisaidii; jicho ndilo litakalotambua.

Katika vitenzi mkazo wenyewe huhama. "Watasikia" katika mfululizo wa maneno ni yish-me-U, mkazo ukiwa mwishoni na irabu ya kati ikiwa imefifia. Katika Zaburi 115:6 neno hilo limewekwa kwenye kituo, nalo husomwa yish-MA-u. Mkazo umerudi nyuma silabi moja, na irabu kamili imeonekana tena. Hapa ulimi wetu wa Kiswahili hutudanganya, kwa kuwa umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mwanafunzi wetu hukaza kila kitenzi kana kwamba kipo kwenye kituo. Yafaa basi mwalimu aandike maumbo hayo mawili ubaoni, moja chini ya jingine, na darasa liyasome kwa kupiga kofi penye mkazo.

Kituo chenyewe hutambuliwaje? Tuangalie chini ya neno. Siluku ni kistari kilichosimama chini ya silabi yenye mkazo ya neno la mwisho, na baada ya neno hilo huja nukta mbili za kufunga aya. Atnaha, mfano wa paa dogo, hugawa aya ndani. Neno la Zaburi tulilolitaja lina alama hiyo.

Lakini si kila kamatsi mwishoni mwa aya ni ya kituo. Mwanzo 1:1 huishia na haarets, "nchi", lenye kamatsi. Aya ya pili huanza na neno hilo hilo, mbali na kituo, na kamatsi ipo vile vile, kwa sababu imeletwa na ha ya mwanzo. Tena maneno mengi, kama elohim kwenye atnaha ya aya hiyo ya kwanza, hayabadiliki kabisa. Kwa hiyo mwanafunzi atafute kwanza alama ya kituo, kisha alinganishe neno na umbo lake la katikati ya aya.