Riba ya Benki Kuu na Bei ya Dola

Aprili 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipandisha riba yake kutoka asilimia 5.5 hadi 6, ikaiacha hapo mpaka Julai 2025 ilipoishusha hadi 5.75. Muda huo wote shilingi haikutulia. Kufikia Oktoba 2024 dola ilikuwa imepita shilingi 2,700, Desemba ikateremka hadi karibu 2,400, kisha ikapanda tena karibu na pale ilipotoka. Riba ilipopunguzwa, shilingi haikuanguka, bali iliendelea kuimarika. Riba ile ile haiwezi kuwa sababu ya kupanda na pia ya kushuka.

Riba huvuta sarafu pale tu mwenye fedha za kigeni anapoweza kuingia, akapata faida na kutoka salama. Tazama Kenya. Desemba 2023 Benki Kuu yao iliongeza riba kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5, lakini Januari dola ikafika kiasi cha shilingi 160 za Kenya. Mwekezaji alihofu kwamba serikali ingeshindwa kulipa deni la dola bilioni 2 lililoiva Juni 2024, na nyongeza ya asilimia 2 kwa mwaka haimfidii mtu anayeogopa kupoteza 10 kwa sarafu kushuka. Februari riba ikafika 13, nyongeza ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini mwezi huo huo serikali ilikopa dola bilioni 1.5 nje na kununua sehemu ya deni lile. Hofu ikaondoka, wageni wakakimbilia hatifungani, na Machi dola ikawa karibu 130.

Kwetu mlango wa wageni kwenye hatifungani ni mwembamba, hivyo dola huja zaidi kwa dhahabu, watalii na mazao, ambayo huongezeka nusu ya pili ya mwaka na kupungua mwanzoni mwake. Chai ya Mufindi inayouzwa mnadani Mombasa hulipwa kwa dola. Dizeli ya lori linaloteremsha magogo kwenda kiwanda cha karatasi cha Mgololo hununuliwa nje kwa dola. Riba haiongezi jani moja la chai wala haipunguzi lita moja ya safari hiyo.

Mtu atauliza: basi riba ya nini? Kazi yake kubwa ni bei za ndani. Benki zinapokopeshana kwa gharama zaidi, mikopo hupungua, na muagizaji anayetegemea mkopo hutafuta dola chache, ila hilo huchukua miezi. Mwingine atasema bila nyongeza ile ya Aprili shilingi ingeanguka zaidi. Inawezekana, na sidai kwamba haikusaidia. Lakini mfanyabiashara wa Mgololo anayepanga kuagiza vipuri Februari atajua mengi zaidi kwa kuuliza benki yake ina dola kiasi gani kuliko kwa kusubiri tangazo la riba, hasa kama soko lilishalitarajia na kuliweka ndani ya bei kabla halijasomwa.