Mafunzo Niliyopata Katika Kukadiria Miezi Ijayo

Kazi yangu ni kukadiria bidhaa zitakazohitajika ghalani miezi ijayo, kwa mfanyabiashara wa jumla wa vyakula hapa Dar es Salaam. Hesabu za mauzo yake si zangu kuzianika, kwa hiyo nitaeleza niliyojifunza kwa kutumia data ambazo yeyote anaweza kuzifungua: abiria wa safari za ndege za kimataifa, mwezi kwa mwezi, kuanzia Januari 1949 hadi Desemba 1960. George Box na Gwilym Jenkins walizitumia katika kitabu chao cha mwaka 1970, na lugha ya R huja nazo kwa jina la `AirPassengers`. Ni miezi 144 tu, na tarakimu zake ni za maelfu: 112 ya Januari 1949 maana yake ni abiria 112,000. Mtu anaweza kuzipitia zote kwa kalamu na karatasi, na ndiyo maana nazipenda.

1. Anza na mwezi kama huo wa mwaka jana

Kabla ya modeli yoyote, mimi huandika kadirio rahisi kuliko yote: Julai ijayo itakuwa kama Julai iliyopita. Tukikadiria mwaka 1960 kwa njia hiyo, Julai tunaipa 548 na inakuja 622. Novemba tunaipa 362 na inakuja 390. Kwa miezi yote 12, wastani wa makosa ni kama 47.8, yaani abiria elfu arobaini na saba na ushei kila mwezi.

Ukubwa wa kosa ni jambo moja, upande wake ni jingine. Miezi yote 12 tumekadiria chini, hata mmoja haukuzidi. Makosa yakilalia upande mmoja hivyo, ujue kuna kitu kwenye data ambacho kadirio halijakiona, na hapa ni ukuaji. Mwaka 1959 ulizidi wa 1958 kwa takriban asilimia 12.4. Zidisha kila mwezi wa 1959 kwa 1.124 na wastani wa makosa ya 1960 unashuka hadi 13.4, huku mengine yakiwa juu na mengine chini. Modeli yoyote nitakayoletewa, hata iwe na mtandao wa neva, lazima kwanza ishinde hesabu hiyo ya kikokotoo.

2. Usichanganye miezi kama karata

Kijana mmoja niliyekuwa namwelekeza kazini aliniletea modeli yenye makosa madogo ajabu. “Dada, hii imemaliza kazi,” akaniambia. Nikamwomba anionyeshe alivyogawa data. Alikuwa ametumia `train_test_split` ya scikit-learn kama ilivyo, na yenyewe bila kuambiwa huchanganya safu zote kwa nasibu, kisha hutenga baadhi kwa ajili ya kupima.

Kwa data za wateja mbalimbali, ambao mmoja hamtegemei mwenzake, mgawo huo hauna shida. Kwa data za miezi unavunja jaribio lenyewe, na kwa abiria hawa inaonekana wazi. Tuseme Julai 1955 imeangukia upande wa kupima, na Julai 1954 na Julai 1956 zikabaki upande wa kufunza. Wastani wa 302 na 413 ni 357.5, na jibu sahihi ni 364. Tumekosea kwa 6.5 tu! Lakini aliyekaa mezani Juni 1955 hakuwa na Julai 1956. Alikuwa na 302 ya mwaka uliotangulia, na kwa hiyo peke yake angekosea kwa 62.

Fanya hivyo kwa mwaka mzima wa 1959. Ukikadiria kila mwezi kwa wastani wa mwezi huohuo wa 1958 na wa 1960, kosa la wastani ni 10.4. Ukitumia 1958 peke yake, ni 47.3. Hakuna ujuzi wowote ulioongezeka kati ya hesabu hizo mbili. Tofauti yote imetoka kwenye mwaka ambao ulikuwa haujafika. Modeli iliyopimwa kwa mgawo wa nasibu inafanya kazi ya kujaza mapengo katikati ya miezi inayojulikana, nasi tunaisoma alama yake kana kwamba imetabiri.

Kuna hasara ya pili, na hii ndiyo iliyomshtua yule kijana. Modeli yake ilikuwa msitu wa miti ya maamuzi, na aliilisha idadi za abiria zenyewe kama jibu la kujifunza. Jibu la msitu wa namna hiyo ni wastani wa majibu uliyoyafunzia, kwa hiyo haliwezi kupita kubwa kuliko yote kati ya hayo. Ukiufunza hadi Desemba 1959, kilele ulichokiona ni 559 ya Agosti. Julai 1960 ilikuwa 622 na Agosti 606. Hata uuongezee miti maelfu, hautazifikia namba hizo. Mgawo wa nasibu ulikificha kilema hicho kwa sababu miezi mingi ya 1960 ilikuwa ndani ya data za kufunza.

Dawa ni kukata kwa tarehe:

```python
kufunza = data[data.index < "1960-01-01"]
kupima  = data[data.index >= "1960-01-01"]
```

Na mkato huo uheshimiwe katika kila hatua. Ukipiga wastani wa miezi mitatu unaojumuisha mwezi unaofuata, au ukisawazisha data kwa wastani wa miaka yote 12 kabla ya kukata, mwaka 1960 umeshapenya upande wa kufunza.

3. Tafuta kile ambacho hakibadiliki

Mfululizo tulivu, kama wanavyouelewa wanatakwimu, ni ule ambao wastani wake, mtawanyo wake, na uhusiano wa thamani moja na zile zilizoitangulia havitegemei umeshika kalenda ya mwaka gani. Haimaanishi kwamba namba hazipandi wala kushuka. Inamaanisha kwamba tabia ya kupanda na kushuka ni ileile, na kwa hiyo ulichojifunza jana kina haki ya kutumika kesho.

Abiria wetu si tulivu hata kidogo. Mwaka 1949 wastani ulikuwa kama 127 kwa mwezi, na kati ya mwezi wa chini na wa juu palikuwa na pengo la 44. Mwaka 1960 wastani ni 476 na pengo ni 232. Kipimo cha `adfuller` katika statsmodels huanza na dhana kwamba mfululizo si tulivu, na kwa data hizi kinatoa p ya karibu 0.99, yaani hakuna sababu yoyote ya kuiacha dhana hiyo.

Sasa angalia Julai peke yake. Kutoka 1949 hadi 1950 iliongezeka kwa 22. Kutoka 1954 hadi 1955, kwa 62. Kutoka 1959 hadi 1960, kwa 74. Nyongeza zenyewe zinakua. Badala ya kutoa, gawanya: unapata 1.15, kisha 1.21, kisha 1.14. Uwiano huo unazungukazunguka mahali pamoja kwa muda wote wa miaka 11. Kutafuta logi ya data kisha kutoa logi ya mwezi kama huo wa mwaka uliopita ni kuchukua logi ya uwiano huohuo, na ndiyo maana hatua hizo mbili hurudiwa sana katika vitabu. Box na Jenkins waliongeza hatua ya tatu, ya kutoa pia mwezi uliotangulia, kwa sababu hata kiwango cha ukuaji huhama polepole.

Msitu wa yule kijana ulipata afueni hapa pia. Tulimbadilishia swali: badala ya idadi ya abiria, akadirie uwiano na mwaka jana, kisha azidishe. 1.14 iko ndani ya yale ambayo miti ilishayaona, na 622 ikafikika.

4. Kalenda ya msimu si moja

Lile kadirio la kuzidisha kwa 1.124 lilikosea zaidi Machi 1960 kuliko mwezi mwingine wowote. Lilisema 456, zikaja 419. Aprili ikawa kinyume: lilisema 445, zikaja 461. Fungua kalenda ya Pasaka. Mwaka 1959 iliangukia 29 Machi, mwaka 1960 ikaangukia 17 Aprili. Pasaka haiwezi kubeba lawama ya kosa lote la Machi, lakini mielekeo ya miezi yote miwili inaendana na wasafiri waliohamia Aprili pamoja na sikukuu yao.

Kwetu jambo hili lina uzito mkubwa zaidi, kwa sababu Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya Gregori. Tende, sukari na unga wa ngano havijui Machi wala Aprili. Vinajua mwezi umeandama au la. Kulinganisha mwezi na mwezi kama huo wa mwaka jana kunaweza kukupa kilele mahali ambapo sikukuu imeshahama. Ninachofanya ni kuongeza safu mbili kwenye jedwali: siku ngapi za mwezi huu ni za Ramadhani, na siku ngapi zimo katika wiki mbili za kuielekea, maana watu hununua mapema. Tarehe hizo zinakadirika miaka kadhaa mbele kwa tofauti ya siku moja hivi, kwa hiyo kuzitumia si kuchungulia majibu.

5. Pima kutoka pale utakaposimama

Mwaka mmoja wa kupima hautoshi. Kuzidisha kwa ukuaji wa mwaka uliotangulia kulishinda vizuri mwaka 1960, basi turudi 1958. Ukuaji wa 1957 ulikuwa kama asilimia 12.2, ukiutumia, 1958 unakosea kwa wastani wa 32.5, na miezi yote 12 umekadiria juu. Kunakili mwaka 1957 bila kuzidisha chochote kunakosea kwa 12.6 tu. Ukuaji ulikuwa umeshuka hadi asilimia 3.4, wakati uchumi wa Marekani umedorora. Mwaka uliofuata ukuaji ukarudi, na kuzidisha kukashinda tena.

Kwa hiyo nasogeza mkato: nafunza hadi mwisho wa 1956 na kupima 1957, kisha hadi mwisho wa 1957 na kupima 1958, hivyo hivyo hadi mwisho. `TimeSeriesSplit(n_splits=4, test_size=12)` hufanya kazi hiyo. Ninapoandika ripoti naweka kosa la kila mwaka peke yake, kwa sababu mwenye ghala anahitaji kujua mwaka mbaya ulikuwa mbaya kiasi gani.

Halafu kuna umbali. Shehena ikichukua miezi miwili tangu kuagizwa hadi kushushwa, basi mzigo wa Julai unaagizwa mwanzoni mwa Mei, na siku hiyo hesabu zilizofungwa ni za Aprili. Safu ya “mauzo ya mwezi uliopita”, ambayo kwa Julai ingekuwa Juni, mimi huifuta kabisa kwenye jedwali, hata kama ndiyo inayoipa modeli alama nzuri kuliko zote.