Barua Pepe za Wanunuzi wa Nje: Nani Alipe Gharama za Sampuli?

Mkulima wa maharage wa Kasulu au mfugaji nyuki wa Kibondo akiombwa sampuli na mnunuzi wa nje, ombi hilo pekee si dalili ya utapeli. Wanunuzi halali huomba sampuli kabla ya kuagiza, na kwa sababu hiyohiyo tapeli huanzia hapo.

Tuchukue mfano wa kikundi cha Kibondo kinachovuna tani 2 za asali kwa mwaka. Barua pepe inaagiza tani 100. Kontena la futi 20 hubeba takribani tani 20 za asali, hivyo mzigo huo ni makontena 5. Mwandishi hajauliza kikundi kina asali kiasi gani, wala unyevu wake, ilhali kiwango cha kimataifa kwa asali ya kawaida ni unyevu usiozidi asilimia 20, na mnunuzi wa kweli hulitaja jambo hilo mapema.

Anaomba kilo moja ya sampuli, ipitie kwa wakala aliyemteua yeye. Wakala anadai shilingi 180,000 zitumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Siku tatu baadaye barua inasema sampuli imefaulu vipimo. Muda huo hautoshi hata kifurushi kufika ng'ambo na kupimwa. Kisha inakuja ada ya usajili wa muuzaji, shilingi 450,000, "itakayorejeshwa pamoja na malipo ya kwanza". Baada yake itadaiwa bima, halafu ushuru. Kilo ya asali ilikuwa chambo tu. Kila ada inaonekana ndogo mbele ya fedha zilizoahidiwa, na aliyekwisha kulipa mara moja huona uchungu kuacha njiani.

Tunashauri kikundi kijibu kwamba kitatuma sampuli kwa gharama ya mnunuzi, naye atoe namba ya akaunti yake katika kampuni ya vifurushi. Ni kweli baadhi ya wanunuzi halali humtaka muuzaji agharimie sampuli. Ikiwa hivyo, chagueni kampuni ninyi wenyewe, lipeni ofisini kwake na mchukue stakabadhi. Ada ya kusajiliwa kwa mnunuzi msilipe kabisa. Vyeti vya kusafirisha mazao huombwa hapa nchini. Cha afya ya mimea kwa maharage, kwa mfano, hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na ada za Serikali hulipwa kwa kontrol namba, si kwa simu ya mtu.

Aliyekwisha tuma fedha apige simu mara moja kwa mtandao au benki aliyotumia aombe muamala uzuiwe, kisha afike kituo cha polisi na barua zote bila kufuta hata moja. Namba ya simu iliyotumiwa na tapeli iripotiwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.