Kuponi tatu kwa kila mtu: namna ya kuwafikia wasioandikwa popote

Kikundi kikitaka kujua hali ya vijana wanaojidunga unga huku Likoni, Kisauni au Changamwe, kinakwama mwanzoni tu. Hakuna daftari la majina yao. Huwezi kuokota majina kama tunavyookota kwenye orodha ya wanachama wetu.

Njia ya zamani ni kumpata mmoja, yeye akutajie wenzake, na hao wakutajie wengine. Wataalamu huiita njia ya mpira wa theluji, kwa sababu mpira huo hukua ukibingirika (sisi wa Pwani theluji tunaisikia tu!). Ni rahisi, lakini ina kasoro mbili. Kwanza, mtu anataja majina ya wenzake bila idhini yao. Pili, mwenye marafiki wengi analeta wengi, na kabla hujajua, karatasi zote zimejaa watu wa maskani moja.

Mwaka 1997 Douglas Heckathorn, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha njia iliyorekebisha hayo. Hapa kwetu ilitumika mwaka 2012 kwa wanaojidunga, Nairobi na Pwani. Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2007. Tuiite njia ya kuponi. Unaanza na watu wachache wa sehemu tofauti, wanaoitwa mbegu. Kila mmoja akishahojiwa anapewa kuponi tatu zenye nambari, akawape wenzake. Hatoi jina la mtu. Mwenye kuponi akipenda anakuja mwenyewe, asipopenda basi. Nambari inaonyesha nani alileta nani, na kwa kuwa kuponi ni tatu tu, hakuna anayeweza kuleta kijiji kizima. Mhojiwa hupewa kitu kidogo kwa muda wake, na kingine kwa kila aliyemleta.

Lakini bado kuna upendeleo. Mtu anayejulikana na wenzake 20 ana milango 20 ya kuletewa kuponi. Anayejulikana na 5 ana milango 5. Kwa hiyo huyo wa kwanza ataonekana mara nne zaidi, hata kama mtaani hawa wawili ni sawa kwa wingi. Ndiyo maana kila mhojiwa lazima aulizwe: "Ni wangapi wanaojidunga hapa Mombasa unaowajua kwa jina, nao wanakujua, na umewaona mwezi huu uliopita?" Jibu hilo ndilo linalotupa uzito wake: 1 ugawanye kwa idadi aliyotaja.

Hebu tufanye hesabu ya mfano, watu 10 tu. Sita ni wa maskani karibu na feri, kila mmoja anajua wenzake 20. Wanne wanakaa ndani ndani Mtongwe, kila mmoja anajua 5. Tunauliza nani amewahi kufika kliniki. Wa feri wanne wamefika, wa Mtongwe mmoja. Ukihesabu vichwa ni 5 kati ya 10, yaani nusu. Sasa weka uzito. 1 kwa 20 ni robo ya 1 kwa 5, kwa hiyo mpe mtu wa feri fungu 1 na wa Mtongwe mafungu 4. Mafungu yote ni 6 na 16, jumla 22. Ya waliofika kliniki ni 4 na 4, jumla 8. Nane kwa 22 ni kama asilimia 36. Ile nusu ilitudanganya, maanake wa feri, ambao ndio wanaofika kliniki zaidi, walikuwa wamejaa kupita kiasi.

Sasa tahadhari. Uzito hautibu kila kitu. Watu wengi hujibu "kumi", "ishirini", "hamsini", yaani wanakisia. Ukiona karibu majibu yote yanaishia na sifuri, jua mafungu yako yanayumba. Kuponi nazo huuzwa. Kwa hiyo muulize kila anayekuja, aliyekupa ni nani kwako? Wakizidi wanaosema "simjui", mnyororo umekatika, maanake hesabu yote inategemea watu kujuana pande zote mbili.

Kubwa zaidi kwetu ni maji. Chora mnyororo kwenye karatasi kubwa, kila mtu na mtaa wake. Ukiona mbegu ya Likoni, baada ya vizazi vitano vya kuponi, bado inazaa watu wa Likoni tu, na ya Kisauni inazaa wa Kisauni tu, basi kivuko kimewatenga. Hapo hakuna uzito utakaokuokoa. Wapeni Likoni hesabu yao na Kisauni yao, kwa maana hata mngeongeza kuponi, matokeo ya pamoja yangefuata tu idadi ya mbegu mlizopanda kila upande.

Na msisimame eti kwa sababu watu wametosha. Andikeni kila wiki ile asilimia ya kliniki. Ikiwa bado inapanda na kushuka, mnyororo haujasahau mbegu zake.