Jinsi ya Kuuzia Mteja Ambaye Tayari Ana Saplaya Anayemwamini

Wafanyabiashara wengi wanaopokea malipo kwa simu hutuuliza swali hili: nitaingiaje kwa mteja ambaye tayari ana mtu wake wa kumletea bidhaa, na huyo mtu hana makosa? Leo tutajibu kwa mfano mmoja, mayai. Na tutauweka Kwa Vonza, Kitui, ambako wanafunzi wa SEKU hufanya hoteli ndogo zipike chapo mayai asubuhi hadi usiku.

Tuseme wewe unafuga kuku wa mayai. Kuna mama wa hoteli anayetumia trei 12 kwa wiki wakati wa muhula. Saplaya wake humletea trei 6 Jumatatu na trei 6 Alhamisi, kwa shilingi 400 kila trei, na humlipa Jumatatu inayofuata. Wameendelea hivyo kwa miaka. Wewe unataka hiyo oda.

Kwa nini kupunguza bei hakutoshi

Wengi wetu tungeanza kwa kusema, "Mama, mimi nitakupa kwa 380." Hebu tupige hesabu. Kwa trei 12, anaokoa shilingi 240 kwa wiki. Lakini saplaya wake humwachia mali ya shilingi 4,800 kila wiki kabla ya kulipwa. Hizo 4,800 ndizo zinazonunua unga na mafuta. Ukitaka pesa mkononi, mama atapoteza 4,800 za mzunguko ili apate 240. Hawezi kukubali, na yuko sawa.

Kuna shida nyingine. Bei yako ya 380 inamwambia kwamba amekuwa akilipishwa zaidi miaka hii yote. Atafanya nini? Atampigia saplaya wake na kumwambia, "Kuna mtu ameniambia 380." Yule akishusha, wewe umemfanyia mama kazi ya kujadili bei na hujauza hata yai moja.

Kumsema vibaya saplaya ni hatari zaidi. Mama ndiye aliyemchagua. Ukisema mayai yake ni ya zamani, unamwambia mama hajui kuchagua. Tena soko ni dogo. Huenda wako chama kimoja au wanasali pamoja, na maneno yako yatafika kabla ya jioni.

Tafuta pengo, siyo kosa

Badala ya kuuliza "saplaya wako ana shida gani?", muulize hivi: "Mama, huyo anayekuletea anakufanyia nini ambacho hungependa kibadilike?" Atakwambia: ananikopesha, anafika mapema, trei ikiwa na yai lililopasuka anabadilisha. Sikiliza vizuri. Hivyo ni vitu ambavyo hutavigusa.

Kisha uliza: "Na siku mayai yakiisha kabla hajafika, huwa unafanyaje?" Hapa ndipo pengo linapoonekana. Tuseme anajibu kwamba Jumapili mchana mayai huisha, kwa hivyo hutuma mtu dukani anunue kama 30 kwa shilingi 17 kila moja. Hiyo ni shilingi 510 kwa mayai ambayo kwa trei ni 400. Kila Jumapili anapoteza 110.

Sasa una oda ya kweli. Ukimletea trei moja Jumamosi jioni kwa bei ileile ya 400, unamwokolea 110. Na saplaya wake hajapoteza chochote, kwa sababu ile trei ilikuwa inanunuliwa dukani.

Unaweza kumwambia hivi: "Mama, huyo wako endelea naye, ni mtu wa kazi. Mimi naomba tu trei moja ya Jumamosi, kwa wiki nne. Isipokufaa, tunaacha bila maneno." Akikuuliza unaonaje mayai ya yule mwingine, jibu, "Mimi najua ya kwangu tu." Akitaka kujua kama ni mabichi, tumbukiza yai lako moja kwenye maji. Bichi huzama na kulala chini. Lililokaa sana husimama au kuelea. Pima lako peke yake. Ukipima na la saplaya wake kando, hata ukinyamaza, tayari umemsema.

Wiki nne za kuonekana

Katika wiki hizi, mama anaangalia vitu viwili tu: unafika ulivyosema, na unafanyaje kukiwa na shida. Chagua saa moja na uishike. Joto la Kitui huharibu mayai haraka, kwa hivyo yapeleke jioni na umwombe ayaweke kivulini. Yaliyopasuka yabadilishe kabla hajauliza.

Mwombe alipe kwa namba yako ya tili kila unapoleta. Hakikisha meseji imeingia kwenye simu yako, usisome tu ile ya kwake. Kumbuka taarifa ya tili inaonyesha tarehe, saa na kiasi, lakini haionyeshi ulileta trei ngapi wala mangapi yalipasuka. Hayo yaandike kwenye daftari siku hiyohiyo. Baada ya wiki nne utakuwa na Jumamosi nne zinazoweza kuonyeshwa. Hizo zinaongea kuliko maneno yako.

Usichukue zaidi ya unachoweza

Siku moja saplaya atachelewa, au muhula utafunguliwa na oda ipande, na mama atakupigia. Uza kwa 400 ileile. Ukipandisha siku hiyo, umejifuta.

Lakini piga hesabu kwanza. Kuku 100 wanaotaga vizuri hutoa kama mayai 80 kwa siku, yaani 560 kwa wiki, kama trei 18. Ikiwa trei 10 zina wenyewe, zimebaki 8. Mama akisema "niletee zote 12", mjibu kwamba unaweza 6 za Alhamisi, na Jumatatu aendelee na yule wa zamani. Joto likizidi, kuku hupunguza kutaga na maganda huwa membamba, kwa hivyo hizo 2 zilizobaki ni za kukulinda. Ukikubali 12 kisha ulete 7, utakuwa umemharibia kwa saplaya wake na kwako pia.

Utajuaje kama inakubali?

Ni dalili nzuri akikupigia yeye mwenyewe, au akikuambia mapema kwamba chuo kinafungwa na oda itashuka. Likizo ikija, wewe wa pili ndiye utakayepunguzwa kwanza. Usigombane. Muulize tu anafungua lini, na urudi Jumamosi ya kwanza.

Kuwa makini akianza kuchukua kwako kwa deni ili alipe deni la saplaya wa zamani. Hapo hujapata mteja, umebeba mzigo wa mtu mwingine. Baki na trei moja ya pesa taslimu. Na kama wiki nne zimeisha na bado anatuma mtu dukani Jumapili, pengo halikuwa mayai. Mshukuru, umwachie namba yako, kisha umwulize mwenye hoteli ya jirani lile swali la pili: siku yakiisha, huwa unafanyaje?